Siku za ruhusa ku staji: namna ya kuziomba bila kupoteza pointi

(Maneno tuliyotoa mbele ya wanachama na wafadhili ku Bunia)



Komite ilituomba tuseme juu ya vijana walio ku staji na ku mafunzo ya kazi. Tulikuwa tunafikiri kusema juu ya mashini, mbao na bei ya vitambaa. Lakini tulipofungua makaye yetu ya ufuatiliaji, tuliona neno moja linarudi kila mwezi, na halihusu mashini hata kidogo. Ni siku za ruhusa. Kijana anaondoka siku mbili, tatu, anarudi, na mwisho wa mafunzo anakuta pointi zimeanguka. Anakuja kwetu analia, mama patro naye anakuja amekasirika, na sisi tunabaki katikati na fishi mkononi.

Kwa watoto wa familia zilizorudi, neno hili ni zito kuliko kwa wengine. Mtoto wa Bunia ambaye wazazi wake wako hapa Mudzipela ao Nyakasanza, anaweza kufanya miezi sita bila kuomba siku moja. Lakini yule ambaye familia yake imerudi kijijini, na yeye analala kwa shangazi hapa mjini sababu ya mafunzo, ana miguu miwili katika nchi mbili. Kule kuna shamba, kuna orodha ya mbegu, kuna mipaka ya kiwanja inayopimwa na chifu, kuna matanga. Hawezi kukosa yote. Kwa hiyo ataomba ruhusa, hakuna njia ingine. Neno ni namna ataiomba.

Tutawapa habari ya dada mmoja wa kushona. Jina tunaliacha, mwenyewe ametupa ruhusa tuseme mambo yake.

Alikuwa ku atelie moja hapa mjini, mafunzo ya miezi sita, kuanzia Aprili. Familia iko kijiji kimoja nyuma ya Iga Barrière, ku barabara ya taifa namba 27. Katikati ya Agosti, mama yake akatuma neno: mbegu ya maharagwe itagawanywa, jina lililo ku orodha ni la binti, sababu siku ya kuandikisha mama alikuwa mgonjwa na binti ndiye alitoa kadi yake. Asiye na kadi yake mkononi hapokei. Na mbegu ikipatikana, lazima ipandwe ndani ya majira yale ya pili, Agosti na Septemba, kama sivyo watakula nini mwezi wa kumi na mbili?

Sasa munajua Agosti ku atelie ni mwezi gani. Ni mwezi wa inifomu. Masomo yanafunguliwa mwanzo wa Septemba, na kila mzazi wa Bunia anataka shati nyeupe na sketi ao suruali ya bulu, na anaitaka leo. Mama patro anapata ndani ya zile wiki tatu feza ambayo haipati miezi ingine. Kumwomba ruhusa wakati huo ni kama kumwomba mvuvi wa Kasenyi akuazime mtumbwi siku samaki wanatoka.

Dada alikuja kwanza kwetu, na ile ilikuwa akili. Akasema: "Kaka, nitaomba siku tatu tu." Tukamwuliza: siku tatu namna gani? Tukakaa chini na biki, tukahesabu. Siku ya kwanza ni njia. Si mbali sana, lakini pikipiki haitoki kila saa, na kukiwa na neno ku njia hakuna anayetoka. Siku ya pili ni kugawanya mbegu, na ninyi wenyewe munajua ile kazi: wanasema saa mbili asubui, gari linafika saa saba, ao halifiki kabisa na wanasema murudi kesho. Kisha kulima na kupanda, siku mbili ao tatu kwa shamba lao. Kisha kurudi. Hesabu yetu ilitoa siku sita. Yeye aliomba kusema tatu kwa haya, akifikiri tatu ni jina zuri mbele ya mkubwa.

Hapa ndipo vijana wengi wanaanguka. Wanaomba kidogo, kisha wanaongeza kwa telefone. Wakubwa wa atelie wengi tuliozungumza nao wanatuambia neno moja: siku sita zilizosemwa mbele haziwaumizi kama siku tatu zilizogeuka sita. Siku sita anaweza kuzipangia mtu mwingine. Siku tatu zinazovutwa zinamfanya amwambie mteja "kesho", na kesho tena "kesho", na yule mteja harudi tena.

Kisha tukamwuliza neno la pili: katika zile siku sita, ni zipi ambazo lazima ziwe zako na lazima ziwe wiki ile? Alifikiri sana. Kugawanya mbegu kulikuwa na tarehe, na jina ni lake. Hapo hakuna kujadiliana. Lakini kupanda kunaweza kungoja siku kumi bila hasara, maharagwe yangali ndani ya majira. Na mjomba wake angeweza kuanza kulima bila yeye. Basi zile siku sita zikagawanyika mara mbili: siku tatu sasa, kwa mbegu, na siku tatu nyuma ya masomo kufunguliwa, kwa kupanda, wakati atelie imepumua. Kabla hajafungua kinywa mbele ya mama patro, alikuwa ameisha kupunguza nusu ya uzito.

Neno la tatu lilikuwa kazi yake yeye mwenyewe ndani ya atelie. Wakati ule alikuwa anapiga pindo za sketi na kutia vifungo. Kwa siku moja alimaliza sketi nane hivi. Siku tatu za kwanza ni sketi 24 zitakazolala juu ya meza. Tukamwambia: usiende kwa mama patro na shida yako peke yake, nenda na zile sketi 24 pia. Akazungumza na mwenzake wa mafunzo. Mwenzake akakubali kuchukua 10, kwa sharti kwamba dada atamrudishia kazi wakati wa mtihani wake wa ndugu. Zilizobaki 14, dada akapanga kuzifanya mbele ya kwenda: kubaki jioni mpaka giza, na kuja jumamosi mchana. Mashini ni ya mguu, haiombi umeme, ile ilisaidia.

Sasa kuomba kwenyewe. Hapa tuseme wazi, sababu vijana waliosoma wanakosea zaidi kuliko wasiosoma. Wanaanza na barua. Wameambiwa ku masomo kwamba kila neno liandikwe, na ni kweli, lakini kwetu hapa barua inayofika mbele ya neno la kinywa inasikika kama vita. Mama mmoja alituambia: "Mutoto niliyemuonyesha kushika makasi ananiandikia kama anataka kunipeleka ku tribunali!" Basi kinywa kwanza, karatasi nyuma.

Na kinywa kina saa yake. Si asubui ya jumatatu, si mbele ya mteja, wala si wakati mkubwa anahesabu feza. Dada alichagua jioni, wanapofagia na kufunika mashini, siku kumi na moja mbele ya kwenda. Maneno yake aliyarudilia mbele yetu namna hii:

"Mama, niko na neno, kama una dakika kidogo. Kule nyumbani watagawanya mbegu, jina ku orodha ni langu, mama hawezi kupokea pa nafasi yangu. Ninaomba siku tatu, juma nne mpaka alamisi ya wiki inayokuja nyuma ya hii. Ninajua ni wakati wa inifomu. Sketi zangu zitakuwa 24. 14 nitazimaliza mbele ya kwenda, 10 mwenzangu amekubali. Nyuma ya masomo kufunguliwa nitaomba tena siku tatu za kupanda, lakini zile, Mama, utachagua wewe wiki."

Angalieni lile neno la mwisho. Alimwachia mama nafasi ya kuamua kitu cha kweli. Mkubwa anayeombwa "ndiyo ao hapana" mara nyingi anasema hapana, sababu ndilo neno la mkubwa lililobaki. Mkubwa anayeombwa "wiki gani?" anatafuta wiki.

Mama hakukubali mara moja. Akanyamaza, akauliza: "Na mjomba hawezi kuchukua ile kadi?" Dada akajibu kwamba hawezi, na akamwonyesha kadi. Hakukasirika kwamba hakusadikiwa. Kesho yake asubui mama akasema sawa, lakini sketi 14 ziwe 18. Zikawa 18.

Ndipo karatasi. Nusu ukurasa, si zaidi:

"Kwa Mama msimamizi wa atelie. Kufuatana na mazungumzo yetu ya jana, ninaandika kwamba umenipa ruhusa ya siku 3, tangu juma nne mpaka alamisi, kwa kupokea mbegu za familia. Nitarudi kazini ijumaa saa mbili kasoro robo. Sketi 18 nitazimaliza mbele ya kwenda, 6 zitafanywa na mwenzangu. Siku hizi 3 nitazilipa kwa kazi ya jumamosi mchana sita. Asante kwa wema wako."

Chini, sahihi mbili, na nakala moja kwetu. Jumamosi mchana sita sababu atelie ile inafunga saa sita za mchana siku ya jumamosi, na mchana mmoja walihesabu kuwa nusu siku. Siku tatu ni nusu siku sita. Zile jumamosi za mbele alizobaki kushona sketi, mama mwenyewe alizihesabu ndani.

Kisha likabaki swali ambalo karibu hakuna kijana anayeuliza, na ndilo linaloshika pointi: "Mama, zile siku tuziandike namna gani ndani ya kaye ya waliokuja?" Ndani ya makaye mengi kuna alama mbili tu, aliyekuja na asiyekuja. Mwisho wa miezi sita mtu anakaa kujaza fishi, anafungua kaye, anahesabu misalaba. Hakumbuki tena kwamba msalaba wa Agosti ulikuwa na ruhusa. Hata kama anakumbuka, kaye haisemi hivyo. Basi dada na mama wakapatana kuandika R, ruhusa, na kila mchana wa jumamosi uliolipwa kuandikwa pembeni. Iandikwe siku ile ile. Ukingoja kuuliza wakati wa fishi, inakuwa maneno ya kujitetea.

Safari yenyewe haikuenda kama ilivyopangwa. Mbegu zilitolewa siku moja nyuma ya tarehe, ile tulikuwa tumeihesabu. Lakini alamisi, siku ya kurudi, risasi zilisikika upande mmoja wa njia na pikipiki zote zikalala. Mujue, Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, na bado njia inaweza kufungwa asubui moja bila mtu kukuambia. Dada alipanda kilima ambako rezo inapatikana, akampigia mama patro siku ile ile mbele ya saa sita. Hakungoja kesho. Alisema tu: "Mama, njia imefungwa, niko salama, sitafika kesho asubui, nitakupigia tena kesho jioni." Akarudi jumamosi. Ijumaa ile ikaandikwa "njia", na mama mwenyewe hakuomba ilipwe. Tunafikiri kama angepiga ijumaa jioni, nyuma ya siku kupotea, ingekuwa mambo mengine.

Sasa lazima tuseme kosa letu sisi, na wafadhili watusamehe kidogo, sababu fishi ile ilitoka katika mradi tuliofanyia kazi. Ilikuwa na pointi 100. 20 kati yake zilikuwa za kuja kazini, na kila siku ya kukosa ilitoa pointi 2, bila kuuliza ni ya namna gani. Ili kupata mashini ya mwisho wa mafunzo, ilihitajiwa 70. Mwaka uliotangulia, binti mwingine, mwenye mikono mizuri kuliko wengi, alikosa siku tano kwa matanga ya baba yake. Pointi 10 zikaenda. Kazi yake ilikuwa ya kufika 78, akabaki na 68, na mashini hakuipata. Hakuna aliyemwonea kwa makusudi, kila mtu alijaza sanduku lake vizuri. Ile fishi tuliitunga sisi ku meza, tukifikiri kijana wa mjini.

Na tungeweza kujua. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mfanyakazi siku 4 akifiwa na mzazi, mtoto, bwana ao bibi, na siku 2 akifiwa na ndugu yake ao babu. Sheria ile inasema juu ya mfanyakazi, na stajere wetu wengi hawana hata mkataba ulioandikwa, kwa hiyo hatuwezi kusema kila patro anafungwa nayo kwa kila stajere. Lakini kama kipimo, inatosha: kama mfanyakazi mzima anapewa siku nne kwa kumzika baba yake, namna gani sisi tunamkata mtoto wa mafunzo pointi kumi? Kupanda maharagwe, kwa kweli, sheria haikutaja. Ile inabaki mapatano.

Fishi mpya inatenga namna tatu. Siku yenye ruhusa ya maandishi na iliyolipwa inahesabiwa kama alikuja. Yenye ruhusa lakini haikulipwa inatoa pointi 1. Asiyeomba anapoteza 2, kama zamani. Matanga ya watu wa karibu hayalipwi, kwa kipimo cha ile sheria. Wakubwa wa atelie waliikubali haraka, kuliko tulivyofikiri. Walichokataa ni kwamba sisi tujaze kaye pa nafasi yao, na walikuwa na haki.

Neno kidogo kwa walio ku staji ya hospitali, sababu kwao hii ya jumamosi haifanyi kazi. Muuguzi anayejifunza anazunguka kutoka sehemu moja kwenda ingine, na akikosa siku za uzazi hawezi kuzilipa ndani ya upasuaji. Na yeye ana wakubwa wawili: yule wa sehemu ya hospitali, na yule wa masomo anayeshika kalenda ya staji. Wengi wanaomba mmoja tu. Anayesema ndiyo ku hospitali si yule anayehesabu siku ku masomo. Omba kwa wote wawili, na sahihi zote mbili ziwe juu ya karatasi moja. Njia yenye kufaa zaidi pale ni kubadilishana zamu na mwenzako wa sehemu ile ile, jina la anayekuja pa nafasi yako likiandikwa mbele. Zamu isibaki bila mtu hata saa moja.

Juu ya uongo, habari moja fupi. Kijana wa seremala alitaka kwenda harusi, akamwambia patro wake kwamba babu amekufa. Patro, mtu mwema, akachangisha feza ya pole na kumpelekea shangazi yake hapa Bunia. Babu alikuwa ameketi ku mlango. Patro hakukata pointi za kuja. Alikata zile za uaminifu, na zilikuwa nyingi zaidi. Kwa harusi angeomba siku moja, na labda angepewa.

Na kuna ruhusa zingine zenye bei. Mkubwa akisema "pointi ziko mkononi mwangu" na anaomba feza, ao anamwomba binti mambo mengine, pale hatuzungumzi tena juu ya namna ya kuomba vizuri. Binti asirudi peke yake, aje kwetu siku ile, ao kwa mama wa komite, na kumhamisha kwa atelie ingine ni kazi yetu. Tumeisha kufanya hivyo, na miezi aliyoisha kufanya ilihesabiwa.

Dada wetu alikwenda mara ya pili mwezi wa Septemba, wiki ambayo mama patro alichagua, akapanda, akarudi ku siku yake. Alimaliza na pointi 83. Ku mstari wa chini wa fishi, pale wakubwa wengi wanaandika "vizuri" tu, mama aliandika: "Anaomba vizuri, anarudi." Yule mwenzake aliyechukua sketi sita naye alipata siku zake mbili za mtihani wa ndugu, na dada alimfanyia pindo zake.

Fishi mpya na mfano wa ile barua viko ku ofisi ya komite, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Wenye watoto ku mafunzo tangu mwezi huu, mupite kuchukua mbele ya ijumaa, ili tuwapelekee wakubwa wa atelie pamoja.